-na-, -me- na -li-: makosa ya viambishi vya wakati na vya kiima katika ujumbe mfupi

Muhtasari. Viambishi *-na-*, *-me-* na *-li-* hukaa mahali pamoja katika kitenzi, lakini havibadilishani kazi. *-na-* huonyesha tendo linaloendelea au lililopangwa. *-Me-* huonyesha tendo lililokwisha ambalo matokeo yake bado yapo. *-Li-* huonyesha tendo la wakati uliopita, bila kusema lolote kuhusu hali ya sasa. Mbele ya kila kimoja hukaa kiambishi cha kiima, nacho hufuata nomino inayotawala sentensi, wala si nomino iliyo karibu. Katika makala haya, alama ya nyota (\*) huonyesha umbo lisilo sanifu au lisilofaa mahali lilipotumiwa.

## Ujumbe wa mfano

Makosa ya viambishi hivi huonekana kwa urahisi zaidi katika ujumbe mfupi wa simu kuliko katika barua. Barua ina nafasi ya kueleza jambo mara mbili. Ujumbe mfupi hauna. Kiambishi kimoja kikikosewa, hakuna sentensi ya pili ya kukisahihisha.

Ujumbe ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini kila kosa lililomo ni la kawaida. Mwandishi wake yuko Mbamba Bay, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma. Ametumwa kupokea magunia kumi na manne ya usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, yanayoletwa na meli kutoka Manda. Anayeandikiwa ni mama mwenye duka Mbinga mjini, juu milimani, ambaye ndiye mwenye mzigo na ndiye atakayekodi gari la kuuchukua.

> Shikamoo mama. Mimi na mdogo wangu ninafika Mbamba Bay jana jioni. Meli inafika leo asubuhi na mizigo ameshushwa. Magunia kumi na mbili ya usipa walipokelewa, mawili hayakuja. Pesa ulituma nilipata. Gari lifika saa ngapi?

Mama anayeusoma ujumbe huu ana mambo matatu ya kuamua: akodi gari sasa au angoje, alipe nauli ya magunia kumi na manne au kumi na mawili, na aulizie pesa zake au aache. Jibu la kila jambo limo ndani ya silabi moja ya kitenzi, na katika ujumbe huu silabi hizo zimekosewa. Akiusoma kama ulivyo, anaweza kudhani kwamba meli bado iko njiani na kwamba magunia mawili yamepotea kabisa. Hayo yote mawili si kweli.

## Nafasi mbili za mwanzo wa kitenzi

Kitenzi cha kawaida cha kuarifu huanza kwa kiambishi cha kiima, kisha hufuata kiambishi cha wakati, kisha shina. Baina ya wakati na shina huweza kuingia kiambishi cha yambwa, kama *-zi-* katika *nimezipata*.

| Kiima | Wakati | Shina | Neno zima |
|---|---|---|---|
| tu- | -li- | -fika | tulifika |
| i- | -me- | -fika | imefika |
| ya- | -me- | -pokelewa | yamepokelewa |
| li- | -ta- | -fika | litafika |

Nafasi hizi mbili hujibu maswali mawili tofauti. Nafasi ya kwanza hujibu swali *nani au nini?* Nafasi ya pili hujibu swali *lini, na jambo limefikia wapi?* Anayesahihisha ujumbe hana budi kuyauliza maswali hayo mbalimbali, kwa sababu kitenzi kinaweza kuwa sahihi upande mmoja na kukosewa upande wa pili. *\*Mizigo ameshushwa* ina wakati sahihi na kiima kilichokosewa. *\*Meli inafika*, kwa meli ambayo tayari iko gatini, ina kiima sahihi na wakati uliokosewa.

Sehemu zote za kitenzi huandikwa pamoja, kama neno moja. Maandishi kama *\*nime fika* au *\*ina fika* hayaishii kuwa kosa la nafasi tu. *Ina*, ikiandikwa peke yake, ni kitenzi kamili kitokanacho na *kuwa na*: *meli ina mizigo* ni sentensi sahihi. Msomaji akiona *\*meli ina fika*, jicho lake hungoja kitu ambacho meli inacho, kisha hulazimika kurudi nyuma.

## Tofauti ya viambishi vitatu

Ufafanuzi wa haraka unaofundishwa mara nyingi ni kwamba *-na-* ni wakati uliopo, *-li-* ni wakati uliopita, na *-me-* ni wakati uliopita karibuni. Sehemu mbili za kwanza zinafaa. Sehemu ya tatu hupotosha. Kinachotofautisha *-me-* na *-li-* si umbali wa tendo bali ni kubaki au kutobaki kwa matokeo yake. Mtu anaweza kusema *Babu amefariki* ijapokuwa miaka ishirini imepita, kwa kuwa hali iliyoletwa na tendo hilo haikubadilika. Anaweza pia kusema *Meli ilifika saa kumi na mbili, ikaondoka saa moja*, ijapokuwa ni saa moja na nusu tu, kwa kuwa meli haipo tena.

Kipimo rahisi ni kuuliza baada ya sentensi: *na sasa je?* Kwa *Meli imefika*, jibu limo ndani ya kitenzi chenyewe: iko bandarini. Kwa *Meli ilifika*, kitenzi hakijibu. Huenda ipo, huenda imekwisha kuondoka. Sentensi inayofuata ndiyo itakayosema.

Kiambishi *-na-* kinahitaji uangalifu wa pekee pamoja na vitenzi vinavyotaja mageuzi ya mara moja, kama *fika*, *simama*, *lala* na *kaa*. *Anasoma* humwonyesha mtu akiwa katikati ya kusoma. *Inafika* haiwezi kuionyesha meli ikiwa imetulia gatini, kwa sababu kufika hukamilika mara moja. Kwa hiyo *meli inafika* husomeka kwa njia mbili tu: iko karibu kutia nanga sasa hivi, au imepangwa kufika saa fulani.

Jozi ifuatayo huonyesha tofauti hiyo waziwazi:

- *Meli inasimama Liuli.* Ndiyo desturi yake, au ndiyo inapunguza mwendo isimame.
- *Meli imesimama Liuli.* Hivi sasa iko Liuli, haiendi.

Katika mfano wa pili, *-me-* ndiyo inayotaja hali iliyopo. Vivyo hivyo *amelala* ni mtu aliye usingizini, na *analala* ni mtu anayejinyosha kitandani au mwenye mazoea ya kulala mahali fulani. Anayefikiri kwamba kila jambo la sasa lazima lichukue *-na-* atakosea hapa mara kwa mara.

## Ujumbe, sentensi kwa sentensi

\*Mimi na mdogo wangu ninafika Mbamba Bay jana jioni. Kuna makosa mawili. La kwanza ni la kiima. Mwandishi ameanza na *mimi*, akaandika *ni-* kana kwamba yuko peke yake. Kiima chake ni watu wawili, na mmoja wao ni msemaji. Kwa hiyo kiambishi ni *tu-*. Kanuni ya viima vilivyounganishwa kwa *na* ni hii: akiwamo msemaji, ni *tu-* (*mimi na wewe tutakwenda*), asipokuwamo msemaji lakini akawamo msemeshwa, ni *m-* (*wewe na dereva mtakwenda*), wasipokuwamo wote wawili, watu huchukua *wa-* (*dereva na utingo watakwenda*).

Kosa la pili ni la wakati. *Jana jioni* ni wakati uliofungwa, na *-na-* haiwezi kukaa nao katika taarifa ya kawaida. Umbo linalofaa ni *tulifika*. Katika mazungumzo ya bara husikika pia *tumefika jana*, na msikilizaji haelewi vibaya. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, wakati uliopita ukitajwa wazi kwa maneno kama *jana*, *juzi*, *mwaka jana* au *saa ile*, *-li-* ndiyo inayotarajiwa.

Sahihi: *Mimi na mdogo wangu tulifika Mbamba Bay jana jioni.*

\*Meli inafika leo asubuhi. Hili ndilo kosa lenye gharama kubwa kuliko yote katika ujumbe huu. Tofauti na sentensi ya kwanza, hakuna neno linalomwonya msomaji. *Jana* haipatani na *-na-*, kwa hiyo kosa la kwanza hujifichua lenyewe. *Leo asubuhi* hupatana na *-na-* vizuri kabisa, ikiwa na maana ya ratiba: meli inatarajiwa leo asubuhi. Mama wa Mbinga ana kila sababu ya kuamini kwamba meli bado iko ziwani na kwamba gari linaweza kungoja.

Mwandishi alitaka kusema *imefika*: meli imetia nanga, mzigo uko chini. *Ilifika leo asubuhi* nayo ingekuwa sarufi nzuri, na ingefaa zaidi kama meli imekwisha kushusha na kuondoka. Kati ya hizo mbili, mwandishi achague kwa kutazama bandarini, si kwa kutazama saa. Leo asubuhi inaweza kuchukua *-me-* au *-li-*; kinachoamua ni kama meli bado ipo.

Sahihi: *Meli imefika leo asubuhi.*

\*na mizigo ameshushwa. *Mzigo* ni nomino ya ngeli ya U-I: *mzigo umeshushwa*, *mizigo imeshushwa*. Kiambishi *a-* ni cha mtu au mnyama mmoja. Mkosaji huvutwa na fikra ya mtu aliyeshusha, au huacha *a-* itangulie kila kitenzi kwa kuwa ndicho kiambishi anachokisikia zaidi. Kitenzi cha kutendwa huficha mtendaji; kiima chake ni kile kilichotendwa. Aliyeshusha akihitaji kutajwa, huja baadaye: *mizigo imeshushwa na wapagazi*.

\*Magunia kumi na mbili ya usipa walipokelewa. Hapa pana makosa matatu, na moja lao ni la siri. *Usipa* ni samaki, na samaki ni kiumbe hai katika upatanishi: *usipa wamevuliwa*, *usipa wamekauka*. Neno hilo limekaa jirani na kitenzi, nalo limekivutia *wa-*. Lakini kilichopokelewa ni magunia. *Ya usipa* ni maelezo tu ya magunia hayo. Njia ya kulinasa kosa hili ni kuyaondoa maelezo kwa muda na kuisoma sentensi bila ya hayo: *magunia … yamepokelewa*. Kosa la namna hii huwapata hata wazawa wa lugha, hasa maelezo yakiwa marefu.

La pili ni la hesabu. *Mbili* hupatanishwa na nomino hata inapokuwa sehemu ya namba kubwa: *magunia kumi na mawili*. La tatu ni *-li-*. *Yalipokelewa* husema kwamba palitokea upokezi, basi. *Yamepokelewa* husema kwamba magunia yako mikononi mwa aliyetumwa, tayari kwa gari. Mwenye mzigo anahitaji habari ya pili.

Sahihi: *Magunia kumi na mawili ya usipa yamepokelewa.*

\*mawili hayakuja. Sentensi hii haina kosa la umbo. Ni Kiswahili safi, na kosa lake ni la maana. Ili kulieleza, lazima viambishi vitatu vitazamwe katika ukanushi.

| Yakinishi | Kanushi | Maana ya kanushi |
|---|---|---|
| yanafika | hayafiki | si desturi yao kufika, au hayatarajiwi |
| yamefika | hayajafika | hadi sasa bado, lakini mlango u wazi |
| yalifika | hayakufika | nafasi ya kufika ilipita bila kufika |

Jedwali hili huonyesha kwamba hakuna hata kimoja cha viambishi vitatu kinachobaki vilevile katika ukanushi. *-na-* hutoweka na irabu ya mwisho hugeuka *-i*. *-Me-* huachia nafasi yake *-ja-*. *-Li-* huachia nafasi yake *-ku-*. Ndiyo maana umbo kama *\*hayanafika* au *\*hayamefika* halimo katika Kiswahili sanifu.

*Mawili hayakuja* humwambia mama kwamba jambo limekwisha: meli ilikuja, magunia mawili hayakuwamo, basi. Ana haki ya kuyatoa katika hesabu na kumdai mtu wa Manda. *Mawili hayajafika* humwambia kwamba yangali yanangojewa, pengine kwa chombo kinachofuata. Ikiwa mwandishi amearifiwa bandarini kwamba magunia hayo yamebaki Manda na yatapakiwa safari ijayo, ni *-ja-* tu inayosema kweli.

Kitenzi *ja* kina mtego wake. Kanushi sanifu ya *yamekuja* ni *hayajaja*, kwa kuwa *ku-* ya vitenzi vya silabi moja huanguka baada ya *-ja-*. Umbo *hayajakuja* husikika sana katika mazungumzo, lakini katika uandishi sanifu huandikwa *hayajaja*. Anayeona kwamba *hayajaja* inasikika vibaya anaweza kutumia *hayajafika* na kuuepuka mtego wote.

\*Pesa ulituma nilipata. Vitenzi viwili vimewekwa bega kwa bega bila kiungo. Kitenzi cha kwanza kinafafanua pesa zipi, kwa hiyo kinahitaji kirejeshi: *ulizotuma*. Hapa *-li-* ni sahihi na haiwezi kubadilishwa kwa *-me-*, kwa sababu *-me-* haipokei kirejeshi cha ndani: *aliyefika* na *anayefika* yapo, ila *\*ameyefika* halipo. Anayetaka *-me-* lazima atumie *amba-*: *pesa ambazo umetuma*.

Kitenzi cha pili ni hati ya kupokea. *Nilipata* ni masimulizi. *Nimezipata* ni thibitisho. Katika shughuli za pesa, Kiswahili huthibitisha kwa *-me-*: *nimepokea*, *nimelipa*, *nimetuma*. Kiambishi cha yambwa *-zi-* huirejelea *pesa* iliyotajwa mbele, na hupatana na *-zo-* ya *ulizotuma*. Baadhi ya wasemaji huichukulia pesa kama kitu kimoja na kusema *uliyotuma nimeipata*. Lililo muhimu ni kutochanganya: *\*ulizotuma nimeipata* huacha shaka kama kinachosemwa ni kitu kimoja au viwili.

Sahihi: *Pesa ulizotuma nimezipata.*

\*Gari lifika saa ngapi? Kosa hili linastahili nafasi yake, nalo linaelezwa katika sehemu inayofuata.

## *li-* mbili katika neno moja

Kiswahili kina *li* mbili zinazoandikwa sawa. Moja ni kiambishi cha kiima cha ngeli ya LI-YA, umoja: *gari*, *gunia*, *jembe*, *ziwa*, *soko*. Nyingine ni kiambishi cha wakati uliopita. Kiima cha ngeli hii kikikutana na wakati uliopita, silabi hujirudia: *gari lilifika*, *gunia lilipotea*, *ziwa lilichafuka*.

Mwandishi anayeandika haraka huona *lili-* kama kosa la kidole na kufuta moja. Linalobaki ni *\*lifika*, neno lisilo na wakati. Msomaji hujaribu kulikamilisha, naye ana njia zisizopungua tano:

- *lilifika*: safari imekwisha na gari lilifika.
- *limefika*: gari lipo.
- *linafika*: gari liko karibu, au ndiyo ratiba yake.
- *litafika*: gari bado kuja.
- *lifike*: ni ombi au agizo, gari linatakiwa kufika.

Njia ya tano ni ya hatari zaidi kwa kuwa tofauti yake na *\*lifika* ni irabu moja tu. *Gari lifike saa ngapi?* si swali la habari. Ni kumwomba mama atoe agizo. *Gari litafika saa ngapi?* ni kumtaka aseme ajualo. Katika ujumbe huu, gari litatoka Mbinga na anayelituma ni mama. Anayeuliza yuko ufukweni akingoja. Umbo linalofaa ni *litafika*.

Kwa kumbukumbu, wasemaji wengi wa Tanzania hutumia *i-* kwa gari: *gari imefika*. Matumizi hayo huondoa mgongano wa *li* mbili, lakini Kiswahili sanifu huiweka *gari* katika LI-YA, na wingi wake ni *magari yamefika*.

Mkanganyiko unaofanana na huu upo kwa *na*. *Nafika* si wakati uliopita wala hali timilifu. Ni wakati uliopo, ama kwa kiambishi *-a-* (*ni-* + *-a-*), ama kwa kufupishwa *ninafika*. Anayeandika *\*nafika jana* amefanya kosa lilelile la sentensi ya kwanza, ila limefichika kwa kuwa *-na-* na kiima vimegandamana.

## Viambishi viwili kwa pamoja: *-likuwa* na *-me-*

Ujumbe mfupi mara nyingi huishia kwenye viambishi vitatu vya peke yake. Masimulizi huhitaji kuviunganisha, na hapo ndipo tofauti ya *-li-* na *-me-* huonekana kwa ukamilifu.

Ziwa Nyasa lenyewe lina kisa cha habari iliyochelewa. Mwezi Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli ya Waingereza *Gwendolen* ilivuka ziwa na kuishambulia meli ya Wajerumani *Hermann von Wissmann* huko Liuli, kusini mwa Manda, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Kisa hicho kinaweza kuandikwa hivi:

> *Gwendolen* ilipofika, meli ya Wajerumani ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza.

*Ilikuwa imepandishwa* ina kazi mbili. *-li-* ya kitenzi kisaidizi hutupeleka Agosti 1914. *-Me-* ya kitenzi kikuu husema kwamba wakati huo meli ilikuwa bado iko juu ya nchi kavu. Tukiandika *ilipandishwa* peke yake baada ya *ilipofika*, mfuatano hugeuka: msomaji anaweza kudhani kwamba meli ilipandishwa baada ya *Gwendolen* kufika.

*Alikuwa hajapata habari* ni kanushi ya namna hiyohiyo. *Hakupata habari* ingedai kwamba habari haikumfikia. Ukweli ni kwamba ilimfikia, kwa njia ya mizinga. *-ja-* huuacha mlango wazi, na katika kisa hiki mlango huo ulifunguliwa dakika hiyohiyo.

Kiima cha kitenzi kisaidizi na cha kitenzi kikuu lazima vipatane: *meli ilikuwa imepandishwa*, *magunia yalikuwa yamefika*, *gari lilikuwa limeondoka*. Kosa la kawaida ni kupatanisha kimoja na kukisahau kingine, kama katika *\*magunia ilikuwa yamefika*.

## Ujumbe uliosahihishwa

> Shikamoo mama. Mimi na mdogo wangu tulifika Mbamba Bay jana jioni. Meli imefika leo asubuhi na mizigo imeshushwa. Magunia kumi na mawili ya usipa yamepokelewa, mawili hayajafika. Pesa ulizotuma nimezipata. Gari litafika saa ngapi?

Urefu wa ujumbe haukuongezeka kwa neno hata moja. *-li-* imebaki mahali pawili: katika *tulifika*, kwa ajili ya *jana jioni*, na katika *ulizotuma*, kwa ajili ya kirejeshi. Kila jambo ambalo mama anapaswa kulitegemea sasa hivi limechukua *-me-*, na lile linalongojewa limechukua *-ja-*. *-na-* haimo kabisa kama kiambishi cha wakati, kwa kuwa hakuna tendo lililokuwa likiendelea wakati ujumbe ulipoandikwa.

## Angalia pia

*-ja-* na *bado*. *-Ku-* ya ukanushi. *-Sha-* na *-mekwisha-* katika hali timilifu. *Amba-* na virejeshi vya ndani. Ngeli ya LI-YA. Upatanishi wa nomino za viumbe hai.